Kukadiria emisiviti ya gesi moto za tanuri kwa urefu wastani wa mwale: mwongozo kamili

Katika tanuri la gesi lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, sehemu kubwa ya joto linalofika kwenye kuta na kwenye mzigo husafiri kwa mionzi, hata pale ambapo mwali wenyewe hauonekani kwa macho. Mionzi hiyo hutoka kwa gesi mbili tu: kaboni dioksaidi na mvuke wa maji. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ndizo nyingi zaidi chumbani, hazichangii, kwa sababu molekuli zao zina atomi mbili zinazofanana na hazina namna ya kutoa mionzi ya joto. Kwa hiyo mhandisi anayetaka kujua joto linalotoka kwenye gesi analazimika kujua emisiviti ya mchanganyiko wa hizo mbili, yaani sehemu ya mionzi inayotolewa ikilinganishwa na ile ambayo gimba jeusi kamili lenye halijoto hiyo hiyo lingetoa.

Nitafuata tanuri moja kuanzia vipimo vya chumba hadi kilowati kwa kila mita ya mraba. Ni chumba cha mstatili chenye upana wa mita 2, kimo cha mita 2 na urefu wa mita 5. Kinachomwa methani kwa hewa ya ziada ya asilimia 10, kanieneo ya chumba ni atm 1, gesi ina kelvini 1,500 na kuta zina kelvini 1,000. Tunachukulia kwamba gesi imechanganyika vizuri na ina halijoto moja kote.

Hatua ya kwanza: urefu wastani wa mwale

Gesi haina uso. Mionzi inayogonga tofali fulani la ukuta imetoka kwenye gesi iliyo karibu, iliyo mbali na iliyo pembeni, na kila mwale umepita unene wake. Hoyt Hottel wa MIT alilirahisisha jambo hili kwa kuuliza: nusu tufe la gesi hiyo hiyo lingekuwa na nusu kipenyo gani ili mionzi inayofika katikati ya kitako chake ilingane na wastani wa mionzi inayofika kwenye kuta zetu? Nusu kipenyo hicho ndicho urefu wastani wa mwale, tuuite Lm.

Kanuni yake haina haja ya kukaririwa bila kuelewa. Chukua gesi nyepesi sana, ambayo kila mwale unaozaliwa ndani yake hutoka bila kufyonzwa tena. Kila mita ya ujazo hutoa `4·κ·σ·T⁴`, ambapo κ ni uwezo wa gesi kufyonza kwa kila mita, σ ni namba isiyobadilika ya Stefan-Boltzmann, na T ni halijoto ya gesi kwa kelvini. Zidisha kwa ujazo V, gawanya kwa eneo la kuta A, utapata kwamba ukuta unapokea `κ·(4V/A)·σ·T⁴`. Hapo urefu unaohusika ni 4V/A. Gesi ya kweli hufyonza sehemu ya mionzi yake yenyewe kabla haijafika ukutani, na kwa maumbo mengi ya kawaida upungufu huo unakaribia asilimia 10. Kwa hiyo:

`Lm = 0.9 · 4V/A = 3.6·V/A`

Kwa chumba chetu, V ni mita za ujazo 20. Eneo la kuta ni mbili za mita za mraba 4 na nne za mita za mraba 10, jumla 48. Lm ni 3.6 × 20 / 48, sawasawa na mita 1.5.

Angalia jinsi namba hii ilivyo ndogo. Chumba kina urefu wa mita 5, lakini ukuta "unaona" gesi yenye unene wa mita 1.5 tu, pungufu hata ya upana. Wanaoanza hupenda kuchukua kipimo kirefu zaidi cha chumba, au upana wake, na kukitumia moja kwa moja. Nitarudi kuonyesha gharama ya kufanya hivyo.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kuhusu V na A. Mzigo ukiwa ndani, kwa mfano mabamba ya chuma yaliyopangwa sakafuni au mabomba yanayopita chumbani, punguza ujazo wake kwenye V na ongeza uso wake kwenye A. Yote mawili hupunguza Lm, na tanuri lililojaa linaweza kuwa na Lm ndogo sana kuliko tanuri tupu. Pili, Lm ni wastani wa uso wote. Ukitaka joto linalofika mahali pamoja tu, mfano pembeni kabisa mwa chumba, njia hii haikupi jibu hilo.

Hatua ya pili: kiasi cha gesi hizo mbili

Kila molekuli ya methani huhitaji mbili za oksijeni, na hewa ya ziada ya asilimia 10 inafanya ziwe 2.2. Kwa kila oksijeni moja hewa huja na naitrojeni 3.76. Baada ya kuungua tunabaki na:

`CO2: 1    H2O: 2    O2: 0.2    N2: 8.272    jumla: 11.472`

Sehemu ya kaboni dioksaidi ni 1/11.472, yaani 0.0872, na ya mvuke ni 0.1743. Kwa kuwa kanieneo ya chumba ni atm 1, namba hizo ndizo kanieneo ya kila gesi kwa atm. Jumla yake ni 0.2615. Tanuri likiwa mahali pa mwinuko ambapo kanieneo ya hewa ni pungufu, zidisha sehemu hizo kwa kanieneo halisi ya mahali hapo.

Hapa kuna mtego ambao nimeuona mara nyingi kwenye hesabu za watu makini kabisa. Mashine nyingi za kupima gesi za bomba la moshi hupoza sampuli na kuondoa maji kabla ya kupima, kwa hiyo namba inayosomeka kwenye kioo ni ya gesi kavu. Kwa tanuri letu mashine hiyo itaonyesha kaboni dioksaidi asilimia 10.6 na oksijeni asilimia 2.1, kwa kuwa imegawanya kwa 9.472 badala ya 11.472. Ukichukua 0.106 kama kanieneo ya kaboni dioksaidi umezidisha kwa zaidi ya moja ya tano, na wala mvuke, ambao ndio wenye mchango mkubwa zaidi, hauonekani popote kwenye kipimo hicho. Tumia usomaji wa oksijeni kavu kupata hewa ya ziada, kisha rudi kwenye mlinganyo wa mwako uhesabu muundo wa gesi yenye maji. Kwa methani, ikiwa e ni hewa ya ziada kama sehemu ya moja, oksijeni kavu ni `2e/(8.52 + 9.52e)`. Weka 0.1 na utapata asilimia 2.1 ile ile. Njia hii inachukulia kwamba hakuna hewa inayopenya kati ya chumba na mahali sampuli inapochukuliwa. Kama mlango au maungio yanavuja, chukua sampuli ndani ya chumba chenyewe.

Hatua ya tatu: emisiviti

Kinachoamua emisiviti, mbali na halijoto, ni kanieneo ya gesi mbili ikizidishwa kwa Lm, tuuite pL. Kwetu ni 0.2615 × 1.5, yaani 0.392 atm·m. Andika kipimo hicho kila mara, kwa sababu grafu za zamani za emisiviti za Hottel zimechorwa kwa atm·ft, na anayesoma grafu ya futi akiwa na namba ya mita mkononi hupata jibu dogo kuliko inavyostahili bila dalili yoyote ya kosa.

Grafu hizo bado ni nzuri, lakini kwa kazi ya kila siku napendelea njia ya jumla ya gesi za kijivu zenye uzito. Kaboni dioksaidi hutoa mionzi kwenye kanda chache za urefu wa wimbi, hasa karibu na mikromita 2.7, 4.3 na 15. Mvuke hutoa karibu na 1.38, 1.87, 2.7 na 6.3, kisha tena kwenye mawimbi marefu. Ndani ya baadhi ya kanda gesi ni nzito kama ukuta, kwenye nyingine ni hafifu, na kati yake kuna madirisha ambamo mionzi hupita kana kwamba hakuna kitu. Njia hii inaigawa gesi kuwa gesi tatu za kubuni, moja hafifu, moja ya kati na moja nzito, pamoja na dirisha moja lililo wazi. Kila gesi ya kubuni ina uwezo wake wa kufyonza, k, na hupewa uzito, a, unaotegemea halijoto:

`ε = Σ aᵢ·(1 − exp(−kᵢ·pL))`

`aᵢ = b1 + b2·T + b3·T² + b4·T³`

Namba nilizotumia zilichapishwa mwaka 1982 na Smith, Shen na Friedman. Zinafaa kwa kanieneo ya jumla ya atm 1, kati ya kelvini 600 na 2,400, na kwa pL kuanzia 0.001 hadi 10 atm·m. Wametoa seti kwa mchanganyiko ambamo mvuke ni mara mbili ya kaboni dioksaidi, ambao ndio hasa wa methani, na nyingine ambamo viwili hivyo ni sawa, inayokaribia mafuta mazito. Hii ndiyo ya methani, pamoja na ufyonzaji ambao tutauhitaji hatua inayofuata:

```python
from math import exp, sqrt
K = [0.4201, 6.516, 131.9]
B = [[0.6508, -5.551e-4, 3.029e-7, -5.353e-11],
     [-0.02504, 6.112e-4, -3.882e-7, 6.528e-11],
     [0.2718, -3.118e-4, 1.221e-7, -1.612e-11]]

def emis(T, pL):
    e = 0
    for k, b in zip(K, B):
        a = b[0] + b[1]*T + b[2]*T**2 + b[3]*T**3
        e += a*(1 - exp(-k*pL))
    return e

def fyonza(Tg, Ts, pL):
    return sqrt(Tg/Ts)*emis(Ts, pL*Ts/Tg)

print(round(emis(1500, 0.392), 2))
print(round(fyonza(1500, 1000, 0.392), 2))
```

Tuipitie kwa mkono mara moja, ili namba zisibaki fumbo. Kwa kelvini 1,500 uzito wa gesi hafifu ni 0.319, wa gesi ya kati 0.239 na wa gesi nzito 0.024. Gesi hafifu imejaa kwa 0.152 tu ya uwezo wake, ya kati kwa 0.922, na nzito imejaa kabisa. Michango yao ni 0.048, 0.220 na 0.024. Emisiviti ni 0.29.

Ukijumlisha uzito wote utapata 0.58. Hicho ndicho kikomo cha namba hizi kwa halijoto hiyo, hata gesi ingekuwa nene kiasi gani, kwa kuwa 0.42 iliyobaki ni dirisha. Jumla hiyo ni kipimo kizuri cha kujua kama umenakili namba sawasawa: kosa moja la alama ya kutoa huibadilisha, na linaweza kuipeleka juu ya 1 au chini ya sifuri.

Kwa nini tusihesabu kila gesi peke yake kisha tujumlishe? Kwa sababu kanda zao zinafunikana kwenye mikromita 2.7 na karibu na 15. Palipofunikana, mionzi ya gesi moja hufyonzwa na nyingine. Kwa tanuri letu, jumla ya gesi mbili zilizohesabiwa kando inatoa karibu 0.31 badala ya 0.29. Seti ya mchanganyiko imeshaondoa ziada hiyo, kwa hiyo usitoe marekebisho ya kufunikana mara ya pili.

Kosa kubwa zaidi: kuifanya gesi kuwa ya kijivu moja

Hili nataka nilikalie kidogo. Mtu akishapata 0.29 kwa tanuri moja, hushawishika kutafuta k moja inayotoa jibu hilo kwenye `1 − exp(−k·pL)`, kisha aitumie kwa tanuri kubwa zaidi. Tujaribu: pL ikiongezeka mara mbili, kutoka 0.392 hadi 0.784, gesi ya kijivu moja inatabiri emisiviti ya 0.50. Hesabu ya gesi tatu inatoa 0.35.

Tofauti hiyo ni ya kimaumbile. Fikiria uzio wa mbao wenye mapengo: kuongeza mbao nyuma ya mbao zilizopo hakuzibi mapengo. Gesi ya kati ilikuwa imejaa kwa asilimia 92 tangu mwanzo, na ile nzito haikuwa na nafasi ya kukua. Kilichoongezeka zaidi ni ile hafifu, kwa hiyo kupanua tanuri maradufu kumeongeza emisiviti kwa moja ya tano. Programu ya mtiririko wa gesi inayotumia κ moja iliyolinganishwa na tanuri dogo la majaribio itatoa joto la kupita kiasi kwenye tanuri kubwa, na kosa halitaonekana mahali pengine popote isipokuwa kwenye joto la kuta.

Jambo hilo hilo lina upande wake wa faraja. Kwa kuwa emisiviti hupanda polepole, makosa madogo ya Lm hayaumizi sana. Ukisahau ile 0.9 na kutumia 4V/A, Lm inazidi kwa asilimia 11 lakini emisiviti inafika 0.30 tu, ongezeko la asilimia 3. Ukitumia upana wa mita 2 unapata 0.32. Ukitumia urefu wa mita 5 unapata 0.40, na hapo umeshazidisha kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo usipoteze asubuhi nzima ukitafuta Lm kwa usahihi wa sentimita. Hakikisha tu umetumia V na A.

Hatua ya nne: gesi hufyonza tofauti na inavyotoa

Kuta nazo hutoa mionzi kuelekea kwenye gesi, na sehemu yake hufyonzwa. Sehemu hiyo hailingani na emisiviti ya gesi, kwa sababu mionzi ya ukuta wa kelvini 1,000 ina mgawanyo tofauti wa mawimbi na ile ya gesi ya kelvini 1,500. Kanuni ya Hottel kwa mchanganyiko ni kuhesabu emisiviti kwa halijoto ya ukuta, huku pL ikipunguzwa kwa uwiano wa Ts/Tg, yaani halijoto ya ukuta kwa ile ya gesi, kisha kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha Tg/Ts. Kwetu pL inakuwa 0.261, emisiviti kwa kelvini 1,000 ni 0.317, na ikizidishwa kwa 1.225 ufyonzaji, α, ni 0.39.

Sasa joto halisi. Ikiwa kuta ni nyeusi kabisa:

`q = σ·(ε·Tg⁴ − α·Ts⁴)`

Gimba jeusi la kelvini 1,500 hutoa kilowati 287 kwa kila mita ya mraba, na la kelvini 1,000 hutoa 56.7. Gesi inatuma 84.1, inafyonza 22.0 kutoka kwa kuta, na kinachobaki ni kilowati 62 kwa kila mita ya mraba. Aliyetumia 0.29 pande zote mbili angepata 67, asilimia 9 zaidi. Kosa hilo hukua jinsi halijoto ya ukuta inavyokaribia ile ya gesi, kwa hiyo kwenye tanuri la kuyeyushia, ambako kuta ni moto sana, halivumiliki.

Kuta za kweli si nyeusi. Emisiviti ya ukuta, εs, ikiwa 0.8 au zaidi, zidisha jibu kwa `(εs + 1)/2`. Kwa 0.8 ni 0.9, na tunapata kilowati 56, au kama megawati 2.7 kwa mita zote 48 za mraba. Usizidishe kwa 0.8 yenyewe: mionzi iliyorudishwa na ukuta mmoja hupita tena kwenye gesi na kugonga ukuta mwingine, kwa hiyo haipotei yote. Chini ya 0.8 kanuni hii ya mkato haifai na inabidi uhesabu mirudisho kwa ukamilifu.

Mahali njia hii inapokomea

Namba za methani ni za mwako wa hewa. Ukichoma kwa oksijeni tupu, kanieneo ya gesi mbili hukaribia atm 1 na uwiano wake unaweza kubadilika, hasa moshi uliokwisha kuondolewa maji ukirudishwa chumbani. Hapo tafuta namba zilizotayarishwa kwa hali hiyo. Na mwali ukiwa wa manjano unaong'aa, kuna masizi. Masizi hutoa mionzi kwenye mawimbi yote, pamoja na yale madirisha ya gesi, hivyo emisiviti halisi itakuwa juu ya ile uliyohesabu. Ukiona kuta zinapokea joto zaidi ya hesabu na ukiangalia kwenye kitundu mwali ni mweupe au wa manjano, anza kushuku masizi kabla ya kulaumu Lm.

Namba inayostahili uangalifu wako kuliko zote ni halijoto ya gesi. Ongeza kelvini 50 tu kwenye 1,500: emisiviti inashuka kidogo hadi 0.285, lakini mionzi inayotolewa inapanda kwa asilimia 11, zaidi ya mara tatu ya lile kosa la kusahau 0.9. Na kelvini 50 ni rahisi kupotea, kwa sababu thamokapo iliyowekwa wazi ndani ya gesi hutoa mionzi kwenda kwenye kuta zilizo baridi kuliko yenyewe, na hivyo husoma chini ya halijoto ya gesi. Kinachosaidia ni thamokapo iliyokingwa kwa vifuniko na kuvutiwa gesi kwa kasi, ili joto la gesi liishinde mionzi inayopotea. Ongeza kasi ya kuvuta hadi usomaji uache kupanda. Usomaji huo wa mwisho ndio wa kuweka kwenye Tg.